Ukuta Unaotaja Tusichouza

Tarehe nane Machi. Mvua ya kunyesha na kuacha. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, na sikuandika zaidi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa chokaa. Nilikuwa napaka ukuta wa duka la dawa la kijiji chetu, upande wa Nyanungu. Kila nikimaliza kipande, wingu linapanda kutoka bonde la mto, linamwaga kidogo tu, na chokaa yote inateremka kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Naanza tena.

Ndani alikuwa Mama Muuguzi, anapanga makopo kwenye rafu. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya Tarime kwa miaka mingi, na mumewe alipofariki akarudi nyumbani. Serikali ya kijiji ilikuwa imempeleka kwenye mafunzo ya kuuza dawa baridi, yaani zile ambazo mtu ananunua bila cheti cha daktari: asprini, dawa ya minyoo, dawa ya zambarau ya vidonda, na nyingine za namna hiyo. Duka lilikuwa la kijiji, lakini muuzaji aliyetajwa kwenye maombi ya kibali alikuwa yeye. Mkaguzi wa dawa kutoka Musoma alikuwa anakuja wiki ile. Akikubali, duka linafunguliwa. Akikataa, chumba kinarudi kuwa stoo ya magunia, Mama Muuguzi anarudi kulima kwa shemeji zake ambao hawakumtaka, na sisi wengine tunaendelea kununua dawa kwa mchuuzi wa mnadani.

Mimi niliingiaje? Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini nilipewa kopo la rangi niandike namba kwenye milango ya nyumba mpya, na tangu hapo watu wakaniona fundi wa maandishi. Ukweli ni kwamba nilijua kuchora namba kuliko kuzijumlisha. Kila nilipoandika neno refu nilikuwa naogopa kwamba mwalimu wa shule atapita, atasimama, na atatabasamu.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyenipa maagizo. Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa mtu aliyehangaikia duka lile kuliko wote, alikwenda wilayani kwa miguu na kwa malori kuliombea. Lakini alikuwa ameona nguo ya yule mchuuzi wa mnadani. Mchuuzi alikuwa na shuka kubwa aliyoitundika kati ya miti miwili, na juu yake amechora simba, nyoka aliyejiviringisha kwenye fimbo, na mwanamume mwenye misuli kama ndizi mbivu. Chini yake kulikuwa na orodha ya magonjwa, kuanzia kikohozi mpaka kukosa mtoto, na yote yalitibiwa kwa chupa moja. Watu walijaa pale. Nami nilinunua kwake mara mbili, na mara moja kati ya hizo kikohozi kiliondoka, sijui ni kwa dawa yake au kwa muda wake.

"Mtu akiona ukuta mtupu atadhani na ndani ni patupu," Mwenyekiti aliniambia. "Weka msalaba mwekundu mkubwa. Kisha andika kwamba dawa zetu zinaponya haraka. Magonjwa uyataje, mura, watu wayajue."

Mura ni kijana kwa Kikurya. Nilikuwa na watoto watatu wakati ule, lakini Mwenyekiti alituita sote hivyo.

Nilimwuliza Mama Muuguzi. Alisema yeye anajua makopo, mambo ya ukuta anaachia waliokabidhiwa ukuta. Nadhani alikuwa na wasiwasi lakini hakutaka kubishana na Mwenyekiti kabla hata duka halijafunguliwa. Basi nikachora. Msalaba ulitoka vizuri, hilo nitasema. Maneno nayo yalikaa sawa, isipokuwa herufi ya mwisho ya kisonono ilibanwa na dirisha.

Mkaguzi alifika kwa Land Rover, amejaa vumbi mpaka kwenye kope ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Alikuwa mtu mpole, wa umri wa kati, mwenye kalamu mbili mfukoni. Tulimwamkia, akaitika, kisha akasimama mbele ya ukuta akausoma wote kuanzia juu mpaka kwenye kisonono. Hakuingia ndani.

"Nani amechora?" aliuliza.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Umechora vizuri. Futa yote."

Mwenyekiti alianza kueleza kwamba kosa ni lake, na hilo namshukuru mpaka leo, maana angeweza kukaa kimya. Mkaguzi hakukasirika. Alikaa kwenye benchi la nje, akapewa chai ya rangi bila sukari kwa sababu sukari miezi ile ilikuwa haionekani, akatufundisha. Alisema msalaba mwekundu juu ya weupe una wenyewe kwa sheria. Ni alama ya watu wanaookoa majeruhi vitani na kwenye maafa, na hakuna duka linaloruhusiwa kujivika. Alisema neno kuponya haliandikwi na muuzaji. Muuzaji hajui kama mtu atapona, anajua tu kwamba kidonge ni cha kweli, hakijaharibika, na kinatumiwa namna gani. Na yako magonjwa, kisonono kikiwa kimoja, ambayo sheria inakataza kabisa kutangaza dawa yake kwa watu, kwa sababu mgonjwa wake anatakiwa apimwe, si asome ukuta.

"Sasa tutaandika nini?" Mwenyekiti aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa mkuki.

"Andikeni kwamba ni duka la dawa baridi. La kijiji gani. Namba ya kibali, mkipewa. Saa za kufungua."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, Ndugu Mwenyekiti."

Baadaye aliingia ndani na alikaa sana. Alitoka ameridhika na makopo, na usafi, na kabati la kufungwa kwa ufunguo. Kilichomkwaza ni jinsi ya kufungia vidonge. Mama Muuguzi alikuwa ameandaa vipande vya magazeti vya kukunja kama pembe, kama karanga zinavyouzwa. Mkaguzi alisema kila dawa inayotoka kwenye kopo lazima iende kwenye bahasha yake safi, iandikwe jina la dawa, jina la mgonjwa, tarehe, vidonge vingapi na wakati gani, na kwamba iwekwe mbali na watoto. Dawa ya kupaka iwe na karatasi yenye maandishi mekundu na isemwe wazi kuwa haimezwi. Akaniangalia mimi. Alisema nyekundu niiweke kwa ajili ya hiyo kazi peke yake; nikiimwaga ukutani, siku nitakapotaka kumwonya mtu hataiona.

Alitupa kibali cha muda. Angerudi baada ya mavuno kuona kama tunastahili cha kudumu.

Nilifuta ukuta. Rangi iliyokuwa inapatikana kwenye stoo ya wilaya ilikuwa kijani, lakini kijani na ofisi ya Chama ni kitu kimoja, na Mama Muuguzi alisema mtu mwenye kuhara asije akakaa kwenye foleni ya kadi. Tukapata mabaki ya rangi ya buluu ya milango ya shule. Nikapiga chokaa nyeupe, nikazungusha mkanda wa buluu chini usawa wa goti ili matope yasionekane, nikaandika herufi kubwa za buluu: DUKA LA DAWA BARIDI. Lilionekana safi, lakini limenyamaza. Mwenyekiti alipita, akatikisa kichwa, akasema linafanana na kaburi la padri.

Bahasha ndizo zilizonipa hamu. Mwalimu alitupa karatasi za kaki zilizobaki shuleni, mke wangu akazikata na kuzigundisha kwa uji wa muhogo. Lakini nani angesoma? Wengi wa wazee wetu hawakujua kusoma, na Kiswahili chenyewe walikisikia kwenye mikutano. Nikasema nitaweka picha karibu na maneno. Nikawaza, mtu wa hapa anapima siku yake kwa nini? Kwa ng'ombe. Asubuhi ni ng'ombe wanatoka zizini. Mchana ni ng'ombe wanakunywa mtoni. Jioni ni ng'ombe wanarudi. Hakuna mtoto asiyejua hayo. Nikachukua mpira wa tairi kuukuu, ule wa kutengenezea viatu vya katambuga, nikauchonga kwa wembe mihuri mitatu. Ng'ombe anatoka, ng'ombe anakunywa, ng'ombe anaingia. Chini ya kila ng'ombe niliacha nafasi ya Mama Muuguzi kuweka nukta kwa kalamu: nukta mbili, vidonge viwili.

Nakumbuka nilivyopiga bahasha ya kwanza kwa wino wa shule. Nilimwonyesha kila mtu. Hata Mwenyekiti alicheka kwa furaha akasema sasa duka limepata sura. Sikuona tatizo, na kwa haki lazima niseme hakuna hata mmoja kati yetu aliyeliona.

Jirani yangu, mzee mwenye ng'ombe wengi na magoti mabovu, alikuja kununua dawa ya maumivu. Mama Muuguzi alimpa asprini, akamweleza polepole kwa Kikurya: viwili viwili, mara tatu kwa siku, ukishakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu zinachoma. Mzee akaitikia yote. Alipofika nyumbani aliiweka bahasha kwenye kikapu, akaenda kwenye kikao cha ukoo, akalala huko.

Mke wake mkubwa akaikuta. Ndama wao mmoja alikuwa amelala na homa tangu jana, masikio yameshuka. Mama yule aliona bahasha mpya, safi, yenye ng'ombe watatu. Angedhani nini? Josho lilikuwa hapo hapo kijijini, na dawa za josho zilikuja na picha ya ng'ombe kwenye madebe yao. Alisaga vidonge vyote, akavichanganya na maziwa, akamnywesha ndama.

Ndama aliamka. Asubuhi alikuwa anafukuzana na wenzake.

Mzee alirudi, magoti yakimsumbua, akakuta bahasha tupu na mke mwenye furaha. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imevuka mto. Kesho yake nilipokwenda dukani nilikuta wanaume wamepanga mstari, watu wazima wenye fimbo, ambao hawakuwahi kutia mguu pale. Wote wanataka ile dawa ya ndama.

Mama Muuguzi alisimama mlangoni na kusema kwamba hana dawa ya ndama. Walicheka. Mmoja, mtu wa maneno, alimwambia, "Mama, hospitali imekufundisha kuficha. Ng'ombe wamechorwa hapa, sisi si vipofu."

"Wamechorwa kuonyesha saa," alisema.

"Saa ya nani? Ng'ombe wangu hana saa."

Wakacheka tena, nami nilicheka kidogo kabla ya kukumbuka kwamba ni mimi niliyewachora. Mwenyekiti alifika. Aliuangalia ule mstari na macho yake yakang'aa. Alimvuta Mama Muuguzi pembeni, mimi nikiwa hapo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo bahati tuliyokuwa tunaiomba. Dawa ni ile ile, ndama kapona, kijiji kizima kimeona. Auze. Na ukutani tuandike tu kwamba ndama alipona, huo ni ushahidi, si ahadi.

Mama Muuguzi alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alijifuta mikono kwenye khanga.

"Ndugu Mwenyekiti, ndama aliamka. Sijui kwa nini aliamka. Wewe unajua?"

Mwenyekiti alisema hajui, lakini...

"Basi mimi siuzi kitu nisichokijua. Kesho ndama wa mwingine akifa, watakumbuka mkono gani? Na keshokutwa nikimwambia mama kwamba kidonge hiki ni cha mtoto wake, ataniamini kwa lipi?"

Akarudi mlangoni, akawaambia wale wanaume dawa ya mifugo iko kwa bwana mifugo, wilayani. Waliondoka wakinung'unika. Yule mtu wa maneno alisema duka la kijiji ni la wanawake na watoto wenye makamasi. Wiki iliyofuata duka lilikuwa tupu. Watu walikwenda mnadani kwa mchuuzi, ambaye kumbe naye sasa alikuwa anauza unga wa ndama. Mavuno yalikuwa yanaisha. Mkaguzi alikuwa anakuja, na tungemwonyesha duka lisilo na mteja na bahasha zinazodanganya. Mama Muuguzi hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Niliikatakata mihuri. Nilikaa na tairi mapajani siku nzima bila kuchonga. Nikachora jua, nikaona ni duara kama kidonge. Nikachora mwezi, nikaona mwezi haupo kila siku. Nikamwendea yule mke mkubwa wa mzee, maana nilihisi ni yeye wa kuulizwa, si mwalimu. Nilimkuta anasonga ugali. Nilimwomba msamaha kwa bahasha, akasema ndama anamshukuru. Nikamwuliza, mtu akitaka kukuambia asubuhi bila kusema, akuonyeshe nini?

"Kibuyu cha uji," alisema.

"Na mchana?"

Alinyoosha mwiko kwenye chungu kana kwamba anazungumza na mtu mzito wa kuelewa. "Hiki."

"Na jioni?"

"Hiki hiki, na koroboi imewashwa."

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nataka kula. Uji, ugali, ugali na taa. Na ndani yake kulikuwa na lile Mama Muuguzi alilokuwa anarudia kila siku kwa mdomo mpaka anachoka, kwamba asprini inamezwa baada ya kula. Chakula kwanza, nukta baadaye. Sitasema nililibuni mimi. Mimi nilichonga.

Mihuri mipya ilipokuwa tayari nilimpelekea mama yule bahasha kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliigeuzageuza.

"Hii ni ya watu," alisema.

"Umejuaje?"

"Ng'ombe anakula ugali kwa taa?"

Lakini duka bado lilikuwa tupu. Hapo ndipo Mama Muuguzi aliponiambia nilete rangi ya buluu. Alitaka niandike chini ya jina la duka. Nikauliza, niandike tunauza nini? Akasema hapana, sheria imetufunga huko, na hata isingetufunga, mchuuzi atatushinda kwa kuahidi. Tuandike kile ambacho hatuuzi. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa amekwisha kuyapanga maneno, nami nikayaandika kama alivyoyataja:

HATUUZI SINDANO.
HATUUZI DAWA YA MIFUGO.
MGONJWA ALIYEZIDIWA APELEKWE HOSPITALI.

Mwenyekiti alikuja akasoma, akakaa kwenye benchi, akashika kichwa. Alisema hajawahi kuona mfanyabiashara anayefukuza wateja kwa rangi. Lakini hakutuzuia. Nadhani alikuwa amechoka kidogo, na nadhani pia alikuwa mtu wa haki kuliko tulivyomfikiria.

Kilichotokea baadaye sijui nikieleze vipi bila kukikuza. Hakukuwa na mstari wa watu. Alikuja mama mmoja, kisha wawili. Ndama walionyweshwa unga wa mnadani walikuwa wameanza kufa, si wote, na mchuuzi hakuonekana mnada uliofuata. Watoto wa shule waliwasomea wazee wao ule ukuta. Mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto alimwambia Mama Muuguzi kwamba amekuja kwa sababu mtu anayetaja asichokuwa nacho, alichonacho kitakuwa kipo kweli. Mzee wa magoti akarudi, akanunua asprini tena, na safari hii mke wake akaishika bahasha mwenyewe. Yule mtu wa maneno naye alikuja siku moja, na mtoto wake mwenye homa kali, shingo imelegea. Mama Muuguzi alimgusa mtoto, akanyoosha kidole kwenye mstari wa tatu wa ukuta, na hakumuuzia kitu. Mwenyekiti ndiye aliyemtafutia lori. Mtoto alirudi kutoka hospitali akitembea. Tangu siku ile mtu wa maneno alikuwa anavua kofia akipita pale.

Mkaguzi alirudi wakati mahindi yamekwisha kuvunwa. Jua lilikuwa kali, na upepo unarusha makapi. Mama Muuguzi alikuwa amevaa gauni lake la zamani la hospitali. Mkaguzi alisimama tena mbele ya ukuta, akausoma wote. Nilitaka kujificha.

"Haya ya chini niliwaambia mimi?" aliuliza.

"Hapana, Ndugu Mkaguzi," alijibu Mama Muuguzi. "Tukose kibali kwa hayo?"

Alifikiri. Akasema hakuna sheria anayoifahamu inayokataza duka kusema kweli juu ya mipaka yake. Akaingia, akaomba bahasha, akayasoma maneno yake yote kuhakikisha kwamba picha hazijachukua nafasi ya maandishi, akamwuliza mke mkubwa wa mzee, ambaye alikuwa kwenye benchi akisubiri, ile picha ya katikati ina maana gani. Mama yule akamjibu kwa Kikurya kwamba mtu ale kwanza. Mwenyekiti alitafsiri, kwa sauti ya mtu aliyelibuni jambo lile yeye mwenyewe, na wala sikumnyima sifa hiyo.

Kibali kiliandikwa pale pale kwenye meza. Niliongeza namba yake ukutani jioni ile, chini ya jina, kwa herufi ndogo. Namba ya mwisho ilinitoka vibaya na mpaka leo imeinama kidogo. Mama Muuguzi alinikataza kuirekebisha, tukabishana kidogo. Alisema watu wataijua kwa hiyo.

Nilirudi nyumbani na rangi chini ya kucha. Mke wangu alikuwa amepika ugali wa mtama na muhogo, na mboga ya majani iliyotiwa maziwa mgando, na mke mkubwa wa mzee, yule mwenye ndama, alikuwa ametutumia kibuyu cha maziwa. Tulikula koroboi ikiwa imewashwa, na watoto wakamaliza ukoko.